Kwa nini gemu inakataa seivu uliyoihariri: cheksamu ya Pokémon Red, baiti kwa baiti

Kubadilisha idadi ya vitu ndani ya seivu faili ni kazi ya dakika chache tu, unafungua faili kwa heksi edita, unatafuta pale idadi ilipoandikwa, unaweka unayoitaka, unaseivu, basi. Kinachowachosha watu ni kinachofuata: unawasha gemu inakwambia data imeharibika, mchezo wote umepotea, na hapo ndo mtu anaanza kusema hii gemu ina ulinzi mkali haidukuliki. Mara nyingi hakuna ulinzi wowote hapo. Kuna hesabu ya kujumlisha tu, inaitwa cheksamu, na wewe umebadilisha namba moja bila kurekebisha jumla.

Nachukua gemu moja tu niichambue mpaka mwisho, Pokémon Red ya Game Boy toleo la Kiingereza (Blue na Yellow za Kiingereza zinakaa vilevile), kwa sababu ni ya zamani, ilitoka Japani mwaka 1996 na Marekani 1998, na hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuifanya kwa kalamu. Afu ni gemu ambayo laptopu yoyote inaibeba. Kule mabwenini UDOM kuna laptopu ambazo ukifungua gemu ya sasa feni inalia kama inataka kupaa, ila emuleta ya Game Boy inaenda kama maji.

Kwanza tuelewane tunaongelea faili gani. Kama unatumia mGBA, ukiseivu ndani ya gemu yenyewe, yaani unabonyeza Start unachagua SAVE, emuleta inaandika faili lenye mkia wa .sav pembeni ya faili la gemu, jina lilelile. Hilo ndo letu. Ile seivu nyingine ya emuleta yenyewe, inayogandisha gemu popote ulipo hata katikati ya pambano, ni faili tofauti kabisa lenye mpangilio wake, na ni hatari kwa kazi hii kwa sababu ukihariri .sav vizuri afu ukafungua ile ya kugandisha, inarudisha kumbukumbu ya zamani yote na kazi yako inafutika kimyakimya. Kwa iyo seivu ndani ya gemu, funga emuleta kabisa, nakili .sav pembeni kama bakapu, ndo ufungue heksi edita. Emuleta ikiwa bado iko wazi inaweza kuandika juu ya faili lako muda wowote inapojisikia.

Faili la .sav la Red lina baiti 32,768. Hiyo namba iweke kichwani, tutairudia.

Sasa ukilifungua na HxD, heksi edita ya Windows, unakutana na bahari ya namba mbilimbili, nyingi 00 au FF, na mtu asiyezoea anakata tamaa hapohapo. Huna haja ya kuisoma yote. Bonyeza Ctrl+G, andika 25C9, enter. Umefika kwenye begi. Nimechukua mfano wa mchezaji mwenye vitu vinne tu, unaonekana ivi:

```
000025C0  .. .. .. .. .. .. .. .. .. 04 04 0C 14 05 0B 09
000025D0  28 03 FF
```

Baiti ya kwanza, ile 04 iliyopo 25C9, ni idadi ya aina za vitu begini, yaani aina nne. Baada ya hapo ni jozi jozi, namba ya kitu ikifuatiwa na kiasi chake. 04 0C ni POKé BALL kumi na mbili, kwa sababu 0C ya heksi ni 12. 14 05 ni POTION tano. 0B 09 ni ANTIDOTE tisa. 28 03 ni RARE CANDY tatu, na hizo ndo kila mtu anazitaka kwa sababu moja inapandisha Pokémon levo moja bila kupigana. FF ni alama ya kwamba orodha imeishia hapo.

Begi linabeba aina 20 mwisho. Piga hesabu: baiti moja ya idadi, 40 za jozi, moja ya FF, jumla 42. Ukianza 25C9 ukahesabu baiti 42 unatua 25F3, na pale 25F3 ndo pesa zinaanza. Napenda sana hii hesabu kwa sababu inakuonyesha kwamba ramani yako iko sawa, hakuna pengo wala kupishana, kitu kimoja kikiisha kingine kinaanza. Kama unachunguza gemu ambayo huna ramani yake, kufunga hesabu namna hii ndo njia ya kujua kwamba hujadanganyika.

Tunataka RARE CANDY 99. Ile 03 iko 25D1, na 99 kwa heksi ni 63, sita mara kumi na sita ni 96 jumlisha tatu. Hapa watu wengi wanateleza, wanaandika 99 moja kwa moja wakidhani ndo tisini na tisa, kumbe 99 ya heksi ni 153, na gemu haijatengenezwa kuonyesha idadi ya tarakimu tatu begini, utaona vituko kwenye skrini. Kichekesho ni kwamba baiti chache mbele pesa zinafuata utaratibu mwingine kabisa. Pesa zinakaa baiti tatu, 25F3 mpaka 25F5, na zimeandikwa kama unavyozisoma, kila nusu ya baiti ni tarakimu moja, kwa iyo 03 87 50 ni 38,750 bila kugeuza chochote. Programa mmoja, faili moja, namba zimekaa pamoja, na kila moja ina lugha yake. Ndo maana kabla ya kubadilisha chochote linganisha na unachokiona kwenye skrini ya gemu, usikisie.

Ukiandika 63 hakikisha unaandika juu ya ile 03, sio kupenyeza. HxD ikiwa kwenye hali ya kupenyeza, au ukipesti vibaya, inaongeza baiti mpya na kusukuma kila kitu kinachofuata hatua moja mbele, pesa, jina la mpinzani, Pokémon wako, vyote vinahama nyumba. HxD itakuonya kwamba ukubwa wa faili unabadilika. Usibonyeze OK kwa mazoea. Faili likiwa na baiti 32,769 tayari limeharibika, rudi kwenye bakapu.

Haya, umeandika 63, umeseivu, ukubwa uko palepale. Unawasha gemu. Inakuja meseji:

```
The file data is
destroyed!
```

na menyu inabaki na NEW GAME na OPTION, CONTINUE hakuna. Hapo jasho linakutoka, lakini faili halijaguswa. Gemu imekataa kulisoma tu, haijafuta kitu, na haitafuta mpaka uanze mchezo mpya na kuseivu juu yake. Zima, rudisha baiti kama ilivyokuwa, CONTINUE inarudi.

Kuna kitu kingine kinachofanana na hiki ambacho sio hiki. Wakati mwingine CONTINUE haipo na meseji pia haipo, gemu inakuletea NEW GAME kimya kama haujawahi kucheza. Hiyo inatokea kwa sababu gemu kabla ya kupiga hesabu yoyote inaangalia kwanza kama kuna jina la mchezaji, yaani ndani ya baiti 11 kuanzia 2598 inatafuta 50, ambayo ndo alama ya mwisho wa jina. Isipoiona inasema hapa hakuna seivu, haijisumbui. Kwa iyo ukiona kimya, shida sio cheksamu, pengine emuleta haijaliona faili lako kwa sababu jina halifanani na la gemu, au umeseivu folda nyingine. Ukiona meseji, faili limeonekana, jina lipo, ila jumla imekataa. Tofauti hii inaokoa muda mwingi sana, maana wa kimya anaweza kukesha anarekebisha cheksamu ambayo wala haijasomwa.

Sasa hiyo jumla yenyewe. Gemu inapoandika seivu inapita baiti zote kuanzia 2598 mpaka 3522, ni baiti 3,979, inazijumlisha zote, ila inatumia nafasi ya baiti moja tu kuweka jibu, kwa iyo ikifika 256 inaanza upya sifuri, kinachobaki ni masalio. Mwisho inageuza lile jibu, yaani FF toa jibu, na kuliandika kwenye 3523. Ikija kusoma, inarudia hesabu ileile na kulinganisha na kilichopo 3523. Zikiwa sawa unaendelea, zikitofautiana inakuletea ile meseji. Hakuna siri, hakuna ufunguo, hakuna chochote kinachojua kwamba wewe umechakachua.

Chukulia mkulima wa Mpunguzi anapakia kreti za zabibu kwenda soko la Majengo, anapima kila kreti ila kwenye karatasi ya dereva anaandika uzito wa jumla tu. Mpokeaji akipima akakuta jumla haifanani anajua kuna kitu kimeharibika njiani, ila hajui ni kreti gani wala nani kafanya. Na dereva akihamisha kilo mbili kutoka kreti hii kwenda ile, jumla inabaki vilevile na karatasi haisemi kitu. Hiyo sehemu ya mwisho ishike, inakuja.

Kwani waliiweka ya nini? Kaseti ya Game Boy inatunza seivu kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ndani ya kaseti. Mtoto akizima gemu wakati inaandika, au betri ikifa, unabaki na faili nusu mpya nusu ya zamani au takataka tupu, na gemu ikiisoma hivyohivyo inaweza kuganda au kukuletea Pokémon wa ajabu. Cheksamu ipo kwa ajili ya hiyo hali, sawa na sisi umeme unapokatika katikati ya kunakili faili na hujui kilichobaki kwenye flashi ni kizima au la. Ndo maana nasema sio ulinzi. Kumzuia mtu mwenye heksi edita halikuwa lengo.

Turudi kwenye RARE CANDY zetu. Tumepandisha baiti moja kutoka 03 hadi 63, ongezeko la 60 kwa heksi. Jumla imepanda 60, na kwa kuwa cheksamu ni FF toa jumla, cheksamu inatakiwa ishuke 60. Huna haja ya kujumlisha baiti 3,979. Nenda 3523 uone kilichopo. Tuseme ni 4A. 4A toa 60 haitoshi, azima 100 ya heksi, inakuwa 14A toa 60, jibu EA. Andika EA kwenye 3523, seivu, washa gemu, CONTINUE hii hapa, begini RARE CANDY 99. Ile kuazima ndo mzunguko wa 256 niliousema, ikishuka chini ya sifuri inarudi juu.

Ukiwa umebadilisha vitu vingi na hujui ongezeko ni kiasi gani, HxD inakupigia. Bonyeza Ctrl+E, weka mwanzo 2598 na mwisho 3522, afu nenda Analysis, Checksums, chagua Checksum-8. Jibu itakalotoa ni jumla kabla ya kugeuzwa, wewe unachukua FF unatoa hilo jibu. Ikisema B5, unaandika 4A. Angalia usichague na 3523 yenyewe ndani ya eneo, ukifanya hivyo unajumlisha jibu pamoja na maswali na haitafanana kamwe. Na wenye Python, hata kwenye simu ndani ya Termux, ni mistari mitatu:

```python
d = bytearray(open("red.sav", "rb").read())
d[0x3523] = 255 - sum(d[0x2598:0x3523]) % 256
open("red.sav", "wb").write(d)
```

Kwenye Python mwisho wa eneo hauhesabiwi, ndo maana imeandikwa 0x3523 wakati baiti ya mwisho inayojumlishwa ni 3522. Sio kosa.

Sasa ule mchezo wa dereva. Kwa kuwa hesabu ni jumla tupu, ukiongeza mahali na kupunguza kiasi kilekile mahali pengine ndani ya eneo, cheksamu haisogei na huna haja hata ya kujua iko wapi. Toa ANTIDOTE saba, tisa zibaki mbili, weka RARE CANDY saba, tatu ziwe kumi yaani 0A. Baiti mbili zimebadilika, 3523 hujaigusa, gemu inapokea bila swali.

Na ukitaka zote 99 kuna namna ya kuzilipia. Tunahitaji kupunguza 60 ya heksi mahali fulani. Angalia pesa, 03 87 50. Ile baiti ya kati 87, toa 60, inabaki 27. Pesa zimekuwa 03 27 50, yaani 32,750 badala ya 38,750. Umeongeza RARE CANDY 96 kwa bei ya 6,000 na hesabu ya gemu imebaki ilivyo mpaka baiti ya mwisho. Nilimwonyesha dogo mmoja hii akaniuliza, "Kaka, sasa hii cheksamu inazuia nini?" Nikamwambia inazuia bahati mbaya. Hata hapo haizuii yote, maana jibu ni baiti moja yenye hali 256, kwa iyo faili lililovurugika ovyo lina nafasi moja kati ya 256 ya kupita kwa bahati tu.

Hapa uangalifu kidogo kuhusu mipaka ya eneo. Vitu ulivyoweka kwenye PC ndani ya gemu vinaanza 27E6, navyo viko ndani ya eneo lilelile, kwa iyo cheksamu ni ileile ya 3523. Boksi la Pokémon unalolitumia sasa nalo limo humohumo. Lakini Pokémon waliohifadhiwa kwenye maboksi mengine wako sehemu nyingine ya faili, kuanzia 4000, na wana cheksamu zao wenyewe. Ukichezea maboksi hayo afu ukarekebisha 3523 unapoteza muda, hawajuani.

Swali linalofuata kila mara ni hili: gemu yangu sio Pokémon na sina ramani, nitajuaje cheksamu iko wapi? Unafanya kwa kulinganisha. Seivu mara moja, nakili faili, rudi kwenye gemu ufanye jambo dogo kuliko yote, tupa POTION moja, usitembee hata hatua, seivu tena, linganisha mafaili mawili. HxD ina Data comparison, kwenye Linux ni amri moja:

```
cmp -l kwanza.sav pili.sav
```

Angalizo, cmp inaonyesha thamani za baiti kwa mfumo wa nane sio heksi, na anwani kwa mfumo wa kumi ikianza kuhesabu moja badala ya sifuri, kwa iyo anwani utakayopata iko mbele kwa moja. Utategemea kuona baiti moja imebadilika, utaona zaidi, kwa sababu saa ya gemu nayo inatembea, kwenye Red muda uliocheza unakaa kuanzia 2CED, masaa, dakika, sekunde mpaka fremu. Rudia zoezi mara kadhaa. Baiti ya POTION inashuka moja moja kwa utaratibu. Za saa zinapanda. Na kuna moja inarukaruka bila mantiki, leo 4A kesho D1, huioni ikifuata chochote ulichofanya. Huyo ndo mshukiwa.

Ukishampata unahitaji kujua anajumlisha kutoka wapi mpaka wapi. Chukua nakala, badilisha baiti moja mahali fulani, jaribu. Gemu ikikataa, baiti iko ndani ya eneo. Ikikubali, iko nje. Unagawa nusu kwa nusu, kama unatafuta neno kwenye kamusi, na baada ya majaribio kumi na kitu kwa kila upande umepata mwanzo na mwisho. Inachosha kidogo lakini haihitaji akili nyingi, inahitaji bakapu na uvumilivu.

Tukipanda ngazi kidogo mambo yanabadilika. FireRed na Emerald za Game Boy Advance zimevunja seivu vipande vya baiti 4,096, kila kipande na cheksamu yake ya baiti mbili pale 0FF6 ndani ya kipande, afu zinatunza seivu mbili, ya sasa na iliyotangulia. Ukikosea cheksamu gemu haikutupi nje, inakwambia seivu imeharibika na kukurudisha kwenye iliyotangulia, kwa iyo mtu anadhani mabadiliko yake "yamefutwa" kumbe hayakupokelewa. Na mwingine anahariri ile ya zamani bila kujua, cheksamu iko sawa, kila kitu sawa, na gemu wala haiitazami kwa sababu ina mpya zaidi.

Halafu kwenye hizo mbili idadi yenyewe imefichwa. Unatafuta 05 00 ya POTION tano, huioni, unaona 39 A1. Gemu imechukua idadi ikaipitisha XOR na ufunguo uliomo ndani ya seivu hiyohiyo. Uzuri wa XOR ni kwamba inajirudia kinyume: unajua idadi halisi ni 05 00, unaona 39 A1, zipitishe XOR zenyewe kwa zenyewe unapata 3C A1, ufunguo huo hapo. Unataka 99, yaani 63 00, XOR na 3C A1 inatoa 5F A1. Unaandika hiyo, unarekebisha cheksamu ya kipande, umemaliza. Kitu kimoja ambacho idadi yake unaijua kimekufungulia begi zima.

Gemu nyingi za kompyuta zinatumia CRC32 badala ya jumla. Hapo ule mchezo wa kuongeza huku na kupunguza kule unakufa, kwa sababu CRC inajali nafasi ya kila baiti, ukihamisha tu imeonekana. Lakini bado haina siri. Fomula inajulikana, HxD ileile inayo kwenye orodha yake, kazi ni kujua eneo na baiti nne za jibu zinakaa wapi, mara nyingi mwanzoni au mwishoni mwa faili, na mara nyingi zimeandikwa kinyumenyume, ya mwisho kwanza. Ukitaka kuhakiki kwamba programu yako inapiga CRC32 ya kawaida, ilishe maandishi 123456789, lazima itoe CBF43926. Ikitoa kingine una aina nyingine, usiendelee.

Panapozuia kweli ni pale gemu inapotumia HMAC na kitu kama SHA-256. Hapo hesabu inahitaji ufunguo ambao haumo kwenye seivu, umo ndani ya programu ya gemu, na heksi edita ukiitazama seivu mwaka mzima haitakupa. Utaona baiti 32 zinabadilika zote kila unapogusa kitu, na hakuna jumla wala CRC inayozifikia. Anayezipita anaingia kwenye programu yenyewe kuutafuta ufunguo, na hiyo ni kazi nyingine yenye zana nyingine.

Na zile gemu za mtandaoni ambazo dogo anataka aongezewe almasi, seivu iliyo kwenye simu, kama ipo, ni picha tu ya kuonyesha kwa haraka. Idadi halisi iko kwenye seva ya kampuni, unaweza kuandika 99 ukaiona kabisa kwenye skrini, ukibonyeza kununua seva inaangalia kwake inakuta tatu.